Mbegu 42, Mbegu 43: Kisa cha Pampu Tano Zilizopotea

Usuli

Kisa hiki kinahusu timu ya watu wanne, nami nikiwa mmoja wao, iliyokuwa ikifunza mtandao mdogo wa neva utambue pampu zinazoelekea kuharibika. Majina ya watu, mahali pa kazi na mwenye pampu vimeondolewa. Kilichobaki ni mwenendo wa kazi yenyewe.

Tulikuwa na rekodi 3,000, kila moja ikieleza pampu moja kwa vipimo 24: ukubwa wa mtetemo katika masafa mbalimbali, joto la beringi, shinikizo la kuingia na kutoka, umeme unaovutwa na mota, na vingine vya namna hiyo. Katika kila rekodi kumi, moja ilikuwa ya pampu iliyokuja kuharibika ndani ya mwezi mmoja. Rekodi 1,800 zilitumika kufunzia, 600 kuhakikia mafunzo yanavyokwenda, na 600 za mwisho ziliwekwa kando kwa ajili ya majaribio. Ndani ya hizo 600 za majaribio mlikuwa na pampu mbovu 60, na swali letu kila siku lilikuwa moja: mtandao umezikamata ngapi kati ya hizo 60?

Mtandao wa kwanza ulikuwa na tabaka moja tu la ndani lenye nodi 32. Vipimo 24 vinaingia, nodi 32 zinavichanganya, kisha nodi moja ya mwisho inatoa namba kati ya 0 na 1. Namba ikifika 0.5, pampu inahesabiwa kuwa mbovu. Mtandao huo ulikamata pampu 47. Mwenzetu mmoja akapendekeza tuongeze tabaka la pili la nodi 16, ili mtandao uweze kuunganisha dalili mbili tatu dhaifu kuwa dalili moja yenye nguvu. Hoja yake ilikuwa ya maana, na jaribio likaonekana kumuunga mkono: mtandao mpya ulikamata pampu 51. Katika ripoti ya wiki hiyo tuliandika kwamba tabaka la pili limeongeza pampu nne.

Programu zote mbili zilikuwa na mstari mmoja mwanzoni uliosema `torch.manual_seed(42)`, yaani mbegu, namba inayowasha mtambo wa namba za kubahatisha, iwe 42. Hakuna aliyeuzungumzia. Ulikuwapo kwa sababu huwapo karibu kila mahali.

Kilichotokea

Kabla ya kukabidhi kazi, utaratibu wetu ulidai mtandao ufunzwe upya na mtu ambaye hakuujenga. Aliyepewa kazi hiyo alifuata kila hatua, ila alibadilisha mbegu kutoka 42 kwenda 43, kwa nia njema kabisa, ili ionekane kwamba yake ni nakala ya pili na si faili lile lile lililonakiliwa. Mtandao wake ulikamata pampu 46.

Pampu tano zilikuwa zimepotea. Si hivyo tu: mtandao mpya sasa ulikuwa nyuma ya ule wa zamani kwa pampu moja. Tulichokubaliana wote siku ile, nami nikiwemo, ni kwamba kuna kitu kimeharibika. Tulijiambia kuwa 43 ni jirani wa 42, kwa hiyo badiliko dogo namna hiyo haliwezi kuzaa tofauti kubwa hivyo, na lazima kuna kosa mahali pengine.

Siku tatu zilikwenda katika kutafuta kosa hilo. Tulikagua kama rekodi za majaribio zimechanganyika na za mafunzo, na hazikuwa zimechanganyika. Tulilinganisha matoleo ya programu katika kompyuta mbili zilizotumika, yakalingana. Tulihesabu upya wastani uliotumika kusawazisha kila kipimo, ukawa ule ule. Siku ya tatu jioni, mwenzetu aliyefunza nakala ya pili alifanya jambo ambalo lingefaa kufanywa siku ya kwanza. Alirudisha mbegu 42 kwenye kompyuta yake, akapata 51. Kisha akaweka 43 kwenye kompyuta yetu, mara mbili mfululizo, akapata 46 mara zote mbili.

Hapo picha ilibadilika. Kosa la programu au la kompyuta halifuati mbegu kwa uaminifu kiasi hicho. Kila mbegu ilikuwa ikitoa jibu lake lile lile popote ilipowekwa, na tofauti ya pampu tano ilitoka kwenye mbegu yenyewe.

(Tulikuwa tukifunza kwa kichakataji cha kawaida, na mtandao ulikuwa mdogo. Kwenye kadi ya michoro hata mbegu moja yaweza kutoa majibu mawili, kwa kuwa jumla za desimali hukatwa mwishoni na mpangilio wa kujumlisha huweza kubadilika: katika kompyuta, `(0.1 + 0.2) + 0.3` hutoa 0.6000000000000001, ilhali `0.1 + (0.2 + 0.3)` hutoa 0.6. Punje hiyo hukuzwa na maelfu ya hatua za mafunzo. Huko, jaribio la kubadilishana mbegu lisingekuwa na jibu safi kama tulilolipata.)

Mbegu inafanya nini hasa

Kila muunganiko wa mtandao una uzito, yaani namba inayozidishwa na kinachopita hapo. Mtandao hauwezi kuanza na uzito wa sifuri kila mahali, wala na uzito unaofanana. Nodi zote 32 za tabaka la ndani zikianza sawa, zitatoa jibu moja kwa kila pampu, zitapokea sahihisho moja katika kila hatua, na zitabaki sawa hadi mwisho. Utakuwa na nodi 32 zinazofanya kazi ya nodi moja. Kinachozitenganisha ni kuanza kila moja mahali pake, na njia rahisi ya kufanya hivyo ni kuupatia kila muunganiko namba ya kubahatisha.

Ukubwa wa namba hizo haubahatishwi. Maktaba ya programu tuliyoitumia, PyTorch, kwa tabaka la kawaida, huchagua uzito wa mwanzo kati ya hasi na chanya ya moja kugawanya kwa kipeuo cha pili cha idadi ya vipimo vinavyoingia. Kwetu vipimo ni 24, kwa hiyo kila uzito wa tabaka la kwanza ulianza mahali fulani kati ya −0.204 na 0.204. Wigo ukiwa mpana mno, majumlisho hukua kupita kiasi kadiri yanavyopita tabaka baada ya tabaka. Ukiwa mwembamba mno, hufifia. Mbegu haigusi wigo huo. Inaamua tu kila uzito uangukie wapi ndani yake.

Na hapa ndipo fikra yetu ya ujirani ilipokuwa na kasoro. Mbegu ni namba ya kuwashia mtambo wa namba nasibu. Kwenye kichakataji cha kawaida, PyTorch hutumia mtambo uitwao Mersenne Twister, uliochapishwa mwaka 1998, wenye hali ya ndani ya namba 624. Mbegu hukorogwa mara nyingi ili kujaza hali hiyo, na mbegu mbili zinazofuatana hutoka zikiwa hazina udugu wowote unaoonekana. Yeyote anaweza kujionea kwa mbegu 0 na 1:

```python
torch.manual_seed(0)
torch.rand(3)   # 0.4963, 0.7682, 0.0885
torch.manual_seed(1)
torch.rand(3)   # 0.7576, 0.2793, 0.4031
```

Ukizinyoosha namba hizo katika wigo wetu wa tabaka la kwanza, mbegu 0 inatoa uzito wa karibu −0.002, 0.109 na −0.168, na mbegu 1 inatoa 0.105, −0.090 na −0.040. Katika uzito wa kwanza na wa pili hata alama ya jumlisha na toa imegeuka. Mbegu hazina umbali kati yao. Kutoka 42 kwenda 43 ni safari ndefu sawa na kutoka 42 kwenda milioni tisa.

Alama hiyo ya jumlisha na toa ina uzito wake. Nodi zetu zilitumia kitendaji cha ReLU, ambacho hupitisha thamani chanya na kugeuza kila thamani hasi kuwa sifuri. Tuchukue nodi moja tuliyoifuatilia kwa karibu, nodi ya saba. Kwa mbegu 42 ilianza na uzito chanya kwa joto la beringi na kwa mtetemo wa masafa ya juu. Kwa hiyo tangu hatua ya kwanza iliwaka kwa pampu zenye joto na mtetemo, na nyingi za pampu hizo ni mbovu. Sahihisho hupita tu kwenye nodi inayowaka, basi nodi hiyo ikapokea masomo kutoka kwa pampu mbovu na kuzidi kuelekea huko. Kwa mbegu 43, nodi ile ile ilianza na uzito hasi kwa joto. Iliwaka kwa pampu zilizopoa, ikajifunza dalili za uzima, na mwishowe kazi yake ikawa kuvuta jibu chini kuelekea sifuri. Nodi hiyo moja ilipewa kazi mbili zinazopingana, na kila mtandao ukatafuta nodi nyingine ya kujaza pengo lililobaki.

Haifai kuhitimisha kwamba mitandao hiyo miwili ilijua mambo tofauti kwa sababu tu uzito wao ulitofautiana. Nodi 32 za tabaka moja zinaweza kubadilishana nafasi, pamoja na miunganiko yake, bila jibu la mtandao kubadilika hata kidogo. Kulinganisha uzito mmoja mmoja kati ya mafunzo mawili hakuonyeshi chochote. Kinacholinganishika ni majibu.

Maamuzi tuliyofanya na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kufunza kila mtandao mara 20, kwa mbegu 1 hadi 20, bila kugusa kitu kingine. Funzo moja lilichukua chini ya dakika moja, kwa hiyo gharama haikuwa hoja. Tuliziacha kando mbegu 42 na 43, kwa sababu tulikuwa tumeshayaona majibu yake na yalikuwa yametufanya tuanze kuamini jambo fulani.

Uamuzi wa pili ulichukua mjadala zaidi. Mmoja wetu alisema kwamba kwa kuwa mitandao yote miwili ilitumia mbegu 42 tangu mwanzo, ulinganisho wa 47 na 51 ulikuwa wa haki: pande zote mbili zilipewa bahati ile ile. Hoja hii inavutia, na nimeikuta kwa watu wengi. Si ya kweli. Mtambo wa namba nasibu hutoa mfululizo mmoja, na kila anayehitaji namba huchota kwa zamu. Tabaka la kwanza la mitandao yote miwili lilichota namba zile zile, hivyo lilianza sawa. Lakini mtandao mpya ulichota namba nyingine zaidi ya mia tano kwa ajili ya tabaka lililoongezwa. Kuanzia hapo mfululizo ulikuwa umesogea: nodi ya mwisho ilipata uzito mwingine, na mpangilio wa kuchanganya rekodi za mafunzo, ambao huchota kutoka kwenye mfululizo huo huo, ukawa mwingine kabisa. Mbegu ilikuwa moja na bahati zilikuwa mbili.

Kwa hiyo tulitenganisha vyanzo hivyo, kila kimoja kikapewa mbegu yake:

```python
torch.manual_seed(mbegu_uzito)
mtandao = jenga_mtandao()
g = torch.Generator()
g.manual_seed(mbegu_mpangilio)
mafungu = DataLoader(rekodi, batch_size=32, shuffle=True, generator=g)
```

Kwa mpango huu tuliweza kushikilia uzito wa mwanzo na kubadilisha mpangilio wa rekodi peke yake, au kinyume chake. Mpangilio una maana kwa sababu mtandao husahihishwa baada ya kila fungu la rekodi 32, na kila sahihisho huanzia pale lililotangulia lilipoishia. Pampu mbovu tano zikikusanyika kwenye fungu la pili, mtandao husukumwa upande mmoja mapema, zikitawanyika, hausukumwi.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kukataa. Majibu ya mbegu 20 yalipotoka, mbegu mbili kati ya hizo zilikuwa zimekamata pampu 52, na pendekezo likatolewa tuchukue mtandao wa mojawapo na kuukabidhi. Tulikataa kwa sababu rekodi za majaribio ziliwekwa kando ili zipime tu, si kuchagua mbegu. Ukichagua mbegu kwa kuzitazama rekodi hizo, 52 haielezi tena namna mtandao utakavyofanya kwa pampu ambazo haujaziona. Inaeleza tu kwamba katika majaribio 20 kuna aliyeongoza.

Matokeo

Mtandao wa tabaka moja ulikamata wastani wa pampu 47.6. Aliyekamata chache alikamata 43, na aliyekamata nyingi 52. Mtandao wa matabaka mawili ulikamata wastani wa 48.1, kati ya 44 na 52. Tofauti ya wastani ni nusu pampu.

Ili kujua kama nusu pampu ni kitu, tulitazama mtawanyiko. Majibu ya mtandao wa kwanza yalikuwa na mchepuko wastani wa 2.3, yaani jibu la kawaida lilikaa umbali wa pampu mbili hivi kutoka katikati. Ya pili yalikuwa na 2.1. Kwa mafunzo 20 kila upande, shaka iliyopo kwenye tofauti ya wastani hizo mbili inahesabika hivi: √(2.3²/20 + 2.1²/20), nayo ni karibu 0.7. Tofauti tuliyoipima ilikuwa ndogo kuliko shaka yake. Pampu nne tulizoziandika kwenye ripoti hazikuwa zimetoka kwenye tabaka la pili. Mbegu 42 iliupa mtandao wa zamani jibu la katikati na kuupa mtandao mpya jibu la juu, basi.

Tulipotenganisha vyanzo, kubadilisha uzito wa mwanzo peke yake kulileta mchepuko wa 1.8, na kubadilisha mpangilio wa rekodi peke yake kulileta 1.6. Nilikuwa nimetarajia uzito wa mwanzo ubebe karibu mzigo wote. Vyanzo hivyo viwili vilikaribiana.

Tuliandika barua ya kusahihisha ripoti, tukarudi kwenye mtandao wa tabaka moja, na tukabadilisha namna ya kuutumia: badala ya mtandao mmoja, tulikabidhi mitano iliyofunzwa kwa mbegu tano, na jibu la pampu likawa wastani wa namba tano. Tulipoipanga mitandao 20 katika makundi manne ya mitano bila kuchagua, makundi hayo yalikamata 48, 49, 47 na 48. Mtikisiko wa mbegu ulikuwa umepungua sana.

Miezi michache baadaye zilifika rekodi mpya ambazo hakuna aliyekuwa amezitazama. Tulizipitisha kwenye mitandao yote 20 ya tabaka moja. Mtandao ambao ungekabidhiwa kwa sababu ya kukamata 52 ulikuwa wa 11.

Uchambuzi

Jambo lililotufunza zaidi halikuwa wastani wala mchepuko. Lilikuwa jedwali ambalo mmoja wetu alilichora kwa ajili ya kujiridhisha tu: mistari 60, mmoja kwa kila pampu mbovu, na safu 20, moja kwa kila mbegu, na alama pale mtandao ulipoikamata pampu. Pampu 41 zilikuwa na alama kwenye safu zote 20. Pampu tano hazikuwa na alama hata moja. Zilizobaki 14 ndizo zilizokuwa zikiwaka na kuzima mbegu ilipobadilika, na mtikisiko wote kutoka 43 hadi 52 ulitoka kwazo.

Jedwali hilo liliondoa hofu ambayo hesabu peke yake haikuiondoa. Mbegu haikuwa ikiamua kama mtandao umejifunza au la. Kuhusu pampu 46 kati ya 60, mitandao yote 20 ilisema jambo moja, liwe sahihi au si sahihi. Mbegu iliamua mpaka upite wapi katika eneo ambalo rekodi za mafunzo hazikulieleza vya kutosha. Mtandao uliofunzwa hautafuti jibu moja lililopo. Unateremka hadi mahali ambapo kosa ni dogo, na mahali pa namna hiyo ni pengi, pote pakitoshea rekodi za mafunzo karibu sawasawa. Pale penye rekodi nyingi, mahali pote panakubaliana. Pale penye rekodi chache, kila mahali panajaza pengo kwa namna yake, na mahali ulipoanzia ndipo panapoamua utateremkia wapi.

Moja ya pampu hizo 14 tuliichunguza kwa makini. Mtetemo wake ulikuwa wa wastani, beringi haikuwa na joto la kupita kiasi, ila shinikizo la kutoka lilikuwa likipanda na kushuka kidogo. Katika rekodi za mafunzo mlikuwa na pampu chache mno zenye sura hiyo, baadhi mbovu na baadhi nzima. Mitandao 20 iliipa namba kuanzia 0.38 hadi 0.63, na 11 kati ya hiyo ilivuka 0.5. Mtu aliyepewa jibu la mtandao mmoja angesoma neno "mbovu" au "nzima" bila kujua kwamba jibu hilo lilitegemea namba iliyoandikwa kwenye mstari wa kwanza wa programu. Aliyepewa wastani wa mitandao mitano, pamoja na umbali kati ya namba zake, angeona kwamba pampu hii inahitaji fundi aende kuitazama. Kwangu, hiyo ndiyo faida kubwa ya kufunza kwa mbegu nyingi, kuliko zile pampu chache za kwenye jedwali la ripoti.

Kizingiti cha 0.5 nacho kilikuza mambo. Kosa la mitandao kwenye rekodi za uhakiki lilikaribiana sana, kati ya 0.141 na 0.149, huku idadi ya pampu zilizokamatwa ikiyumba kwa tisa. Namba ikitoka 0.49 kwenda 0.51, kosa husogea kidogo mno, lakini pampu nzima inahama upande. Tulipohesabu pia tahadhari za uongo, yaani pampu nzima zilizoitwa mbovu, tuliona kwamba mitandao iliyokamata 52 ilikuwa na tahadhari za uongo 27, na ule uliokamata 43 ulikuwa na 18. Sehemu ya tofauti, basi, haikuwa ya ujuzi. Mbegu nyingine zilizaa mtandao mwepesi wa kusema "mbovu", nyingine mzito. Tulipomwekea kila mtandao kizingiti chake kwa kutumia rekodi za uhakiki, ili wote wawe na kiwango kimoja cha tahadhari za uongo, wigo ulisinyaa kutoka 43 hadi 52 ukawa 46 hadi 50. Anayeona majibu yake yakiyumba kwa mbegu afanye vyema kutazama kwanza kama kinachoyumba ni mtandao au ni kizingiti.

Kuna mpaka wa yote haya ambao tulichelewa kuuona. Mbegu 20 hupima mtikisiko wa mafunzo tu. Hazipimi bahati ya kuwa na pampu hizi 60 na si nyingine 60. Kwa kiwango cha kukamata cha karibu asilimia 79, shaka inayotokana na udogo wa kundi la majaribio ni √(0.79 × 0.21 ÷ 60), ambayo ni karibu asilimia 5, sawa na pampu tatu. Shaka hiyo ni kubwa kuliko ile ya mbegu, na haipungui hata ukifunza kwa mbegu elfu moja, kwa sababu mitandao yote inapimwa kwa pampu zile zile. Katika rasimu ya kwanza ya barua ya kusahihisha tuliandika 47.6 na shaka ya mbegu peke yake, jambo lililoifanya namba ionekane imara kuliko ilivyo. Ilibidi tuiandike upya.

Kufunga mbegu kwenyewe halikuwa kosa. Bila mstari ule wa 42, mwenzetu asingeweza kurudia 51 na kuonyesha kwamba kompyuta zote mbili zilikuwa salama. Mbegu iliyofungwa humwezesha mtu kurudia jambo lile lile na kuwinda kosa la programu. Kosa letu lilikuwa kuichukulia namba inayorudiwa kama namba iliyothibitishwa. Jibu la 51 lingerudi 51 kila siku ya mwaka, na bado lingekuwa jibu moja kati ya mengi.

Lililobaki baada ya hapo lilikuwa kazi ya kuchosha. Maamuzi yote tuliyoyafanya miezi ya nyuma yalikuwa yameegemea mbegu moja: kasi ya kujifunza ya 0.001 badala ya 0.002, idadi ya mizunguko, na kuondolewa kwa vipimo viwili vya awali, kulikofanya vipimo 26 viwe 24. Tuliyarudia yote kwa mbegu 20. Kasi ya 0.001 na ile ya 0.002 hazikutofautiana kwa kiasi kinachoonekana, na idadi ya mizunguko vivyo hivyo. Lakini vile vipimo viwili viliporudishwa, wastani ulishuka kutoka 47.6 hadi 44.9, tofauti ya pampu 2.7 dhidi ya shaka ya 0.7, kwa hiyo vikaondolewa tena.